UPS ya swichi ya PoE na simu zake: jinsi ya kupata wati, dakika na kuzima kwa utaratibu

Swali hili linarudi kila mara: "Nina swichi ya PoE ya porti 24 na simu kumi na kitu za mezani, ninunue UPS ya VA ngapi?" Anayeuliza mara nyingi ameshaegemea upande mmoja. Ama ameona karatasi ya swichi imeandikwa 370 W, akaamini anahitaji mtambo mkubwa wa bei kubwa. Ama amechukua UPS ndogo ya kompyuta, ikabeba kila kitu bila kulalamika, kisha umeme ulipokatika kweli simu zote zikazima baada ya robo saa. Wote wawili wameuliza VA, na kinachoamua hapa ni dakika. VA na wati hukuambia kama UPS itaweza kuubeba mzigo. Betri ndiyo inayokuambia itaubeba kwa muda gani, na kwa simu za ofisi huo muda ndio unaoulipia.

Nitatumia ofisi moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho ili uone hesabu ikitembea: ofisi ya Tanga yenye simu 16 za mezani, vituo viwili vya waifai, swichi moja ya PoE ya porti 24, seva ndogo ya simu, ruta, na kisanduku cha faiba cha mtoa huduma. Badilisha namba zangu uweke zako, hatua zinabaki zilezile.

Nadharia utakayohitaji ni hii tu. Simu ya PoE haina adapta yake, umeme wake unatoka kwenye swichi kupitia kebo ya mtandao. Kwa hiyo UPS inaona waya mmoja tu wa swichi, na ndani ya waya huo zimo simu zote. Kiwango cha 802.3af kinaruhusu hadi wati 15.4 kwa kila porti, lakini hicho ni kikomo. Simu ya kawaida ya mezani hula wati 2 hadi 5.

Kabla hujaanza, uwe na vitu hivi

- Kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi ya ukutani. Ni kifaa cha bei ndogo na kitakuokoa kwenye kubahatisha kote.
- Nenosiri la kuingia kwenye swichi.
- Karatasi za vipimo za simu, za vituo vya waifai, na za UPS unazozifikiria. Kwenye karatasi ya UPS tafuta jedwali la muda kwa kila mzigo, pamoja na idadi na ukubwa wa betri zilizomo.
- UPS yenye tundu la USB au la mtandao kwa ajili ya mawasiliano. Isiyo nalo haiwezi kuiambia seva kwamba betri inakwisha, na sehemu nzima ya kuzima kwa utaratibu inakufa hapo.
- Jibu la mwenye ofisi kwa swali moja: umeme ukikatika, simu ziendelee kwa muda gani? Usikubali "kadiri iwezekanavyo". Taka dakika.

Hatua ya 1: Fuata njia ya simu kutoka mezani hadi nje

Simama kwenye simu moja ufuate kebo. Inaingia kwenye swichi. Swichi inaongea na seva ya simu. Seva inatoka kupitia ruta, ruta inatoka kupitia kisanduku cha faiba. Kila kituo kwenye njia hiyo kinachochomekwa kwenye umeme lazima kiwe kwenye UPS. Ukiacha kimoja, ulichonunua ni simu zenye vioo vinavyong'aa zisizoweza kupiga nje.

Kinachosahaulika zaidi ni kisanduku cha faiba, kwa sababu kiliwekwa na fundi wa mtoa huduma kwenye soketi iliyokuwa karibu, pengine chumba kingine kabisa. Ofisi zinazopata intaneti kwa redio ya paani husahau adapta ya PoE ya hiyo redio, ambayo huwa imejificha nyuma ya kabati. Kama seva yako ya simu haipo ofisini bali iko kwa mtoa huduma mtandaoni, basi ruta na kisanduku hicho ni muhimu kuliko kitu kingine chochote isipokuwa swichi yenyewe.

Kisha angalia kisichotakiwa. Printa ya leza, birika na feni visikaribie UPS hii. Printa ya leza inapopasha joto huvuta wati mamia kwa ghafla, na hiyo inatosha kuizima UPS yote kwa kuzidiwa.

Hatua ya 2: Pima mzigo wa kawaida

Fanya hivi baada ya kazi, kwa sababu itabidi uchomoe swichi ili kuweka kipima wati katikati, na simu zote zitazima.

Chomeka swichi kupitia kipima wati huku kebo zote za mtandao zikiwa zimetolewa. Subiri iwake kabisa, usome. Hiyo ndiyo wati inayokula swichi yenyewe. Kwenye ofisi yetu ni 24. Rudisha kebo, acha simu ziwake na zijisajili, washa vioo, piga simu chache za majaribio, usome tena. Ofisi yetu inatoa 108.

Namba ya pili imeshajumuisha kila kitu, hata upotevu ndani ya swichi, kwa hiyo ukiwa nayo huna haja ya kukokotoa. Ila ni vizuri ujue inatoka wapi, maana siku utakayoongeza simu nane hutataka kupima upya. Simu 16 kwa wati 3.5 ni 56. Vituo viwili vya waifai kwa wati 9 ni 18. Jumla 74. Swichi haigeuzi umeme wa ukutani kuwa umeme wa PoE bila hasara, kwa kawaida asilimia kumi na kitu hupotea kuwa joto, basi gawanya 74 kwa 0.88 upate 84. Ongeza 24 za swichi yenyewe, unapata 108.

Kama huna kipima wati, ingia kwenye swichi uone kila porti inakula kiasi gani. Kwenye swichi za Cisco amri ni:

```
show power inline
```

Hapa kuna mtego. Safu ya `Power` kwenye swichi nyingi inaonyesha nguvu iliyotengewa porti, si inayoliwa kweli. Ukiona simu zote za aina moja zina namba ileile hadi nukta, bila kujali ipi inaongea na ipi imelala, hiyo ni nguvu iliyotengwa. Itakupa mzigo mkubwa kuliko ukweli. Si hatari, lakini utanunua zaidi ya unachohitaji.

Ongeza vifaa vingine vya kwenye njia, kila kimoja kwa kipima wati. Kwetu seva ndogo inakula 12, ruta 9, kisanduku cha faiba 8. Jumla 29. Mzigo wa kawaida wa ofisi ni 108 na 29, yaani 137. Tuite 140.

Hatua ya 3: Pata mzigo wa kilele

Umeme unaporudi baada ya kila kitu kuzima, simu zote 16 huwaka kwa wakati mmoja. Simu inayowaka inakula zaidi ya simu iliyotulia. Tumia daraja la PoE lililoandikwa kwenye karatasi ya simu: daraja la 1 lina kikomo cha wati 4 kwenye porti, la 2 wati 7, la 3 wati 15.4.

Simu zetu ni daraja la 2, basi 16 mara 7 ni 112. Vituo vya waifai ni daraja la 3, viwili ni karibu 31. Jumla 143, gawanya kwa 0.88 upate takriban 162, ongeza 24 za swichi na 29 za vifaa vingine. Kilele ni wati 215. Weka nafasi ya robo juu yake na unafika takriban 270.

Basi UPS yetu lazima iwe na uwezo wa wati 270 au zaidi. Soma wati, usisome VA. UPS ya 650 VA mara nyingi ina wati 360 hivi, na VA hizo 650 ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Unaona basi kwamba kwa uwezo wa kubeba, hata UPS hiyo ndogo inafaa. Watu wengi husimama hapa, wanalipa, wanaondoka dukani. Ndiyo maana robo saa baadaye wanashangaa.

Hatua ya 4: Geuza dakika kuwa betri

Hii ndiyo hatua yenye uzito, nenda nayo polepole.

Mwenye ofisi yetu anataka saa moja ya simu. Tunaongeza dakika 10 za kuzima seva kwa utaratibu. Jumla dakika 70 kwa mzigo wa kawaida wa wati 140. Mzigo wa kilele hautumiki hapa, kwa sababu ni wa dakika chache tu za kuwaka.

Hesabu inarudi nyuma, kutoka kwenye tundu la UPS hadi kwenye maandishi ya betri:

```
140 W x 70/60  = 163 Wh
163 / 0.85     = 192 Wh
192 / 0.65     = 295 Wh
295 / 0.80     = 369 Wh
```

Mstari wa kwanza ni nishati inayotakiwa kutoka kwenye UPS. Wa pili unafidia hasara ya UPS yenyewe inapogeuza umeme wa betri kuwa wa 230 V.

Mstari wa tatu ndio usioujua mtu mpaka aambiwe. Betri ya risasi iliyoandikwa 12 V 9 Ah inatoa hizo 9 Ah ikimwagwa taratibu kwa saa 20. Ukiimwaga kwa saa moja hivi inatoa karibu theluthi mbili tu. Ukiimwaga kwa robo saa inatoa kama nusu. Kwa hiyo kipimo hicho cha 0.65 ni cha muda wa saa moja. Kwa robo saa tumia 0.5, kwa nusu saa 0.55.

Mstari wa nne ni uzee. Betri huhesabiwa kuwa imechoka inapobaki na asilimia 80 ya uwezo wake, na unataka saa yako moja hata siku hiyo, si siku ya uzinduzi peke yake.

Tunahitaji betri zenye jumla ya 369 Wh kwenye maandishi. Sasa fungua karatasi za UPS uangalie betri zilizomo. UPS nyingi za wima za 1500 VA zina betri mbili za 12 V 9 Ah: 12 mara 9 mara 2 ni 216 Wh. Haitoshi. Ikiwa mpya itabeba ofisi yetu kwa dakika 43 hivi, ikizeeka 35. UPS za kabati za 1500 VA zipo zenye betri nne za aina hiyohiyo: 432 Wh. Hiyo inatupa zaidi ya saa moja na nusu ikiwa mpya, na karibu dakika 82 ikiwa imechoka. Zote mbili zimeandikwa 1500 VA. Na ile ya 650 VA ina betri moja ya 7 Ah, yaani 84 Wh, ambayo kwa wati 140 inaisha kwa dakika kama 15.

Ukishapata mgombea, linganisha na jedwali la mtengenezaji. Tafuta mstari wa wati 140 au unaokaribia, usisome ule wa "nusu mzigo", kwa sababu nusu mzigo wa UPS ya wati 900 ni 450, haukuhusu. Jedwali hilo limepimwa kwa betri mpya, basi punguza asilimia 20.

Onyo moja hapa, na ninalisema kwa uzito wote. Ukiona dakika hazitoshi, usifungue UPS ya kawaida na kuiunganishia betri ya gari au ya sola ya 100 Ah. Inveta ya ndani imejengwa kufanya kazi kwa dakika, haina njia ya kutoa joto la saa nne mfululizo, na chaja yake ndogo itachukua siku kadhaa kuijaza betri kubwa hivyo. Moto hauanzi siku ya kwanza. Unaanza usiku ambao hakuna mtu. Ukitaka saa tano au sita, nunua UPS yenye tundu rasmi la betri za nje, au inveta iliyotengenezwa kwa betri kubwa.

Hatua ya 5: Chagua aina

Mambo mawili yanatosha kuangalia. La kwanza, mawimbi. UPS za bei ya chini zikiwa kwenye betri hutoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi safi ya sine. Adapta ndogo hazijali, lakini swichi kubwa za PoE zina pawasaplai zenye kurekebisha mvuto wa umeme, na baadhi yake huzima au kunguruma zikipewa mawimbi ya ngazi. Kwa swichi ya PoE nunua ya sine safi.

La pili, marekebisho ya volti. Mahali ambapo umeme hushuka hadi 190 na kupanda tena mchana kutwa, UPS isiyo na marekebisho huruka kwenye betri kila mara, na umeme unapokatika kweli unaikuta betri nusu. UPS za daraja la kati hurekebisha volti bila kugusa betri.

Hatua ya 6: Iweke mahali panapofaa, uichomeke sawasawa

Betri hizi hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25. Kabati lililofungwa Tanga, lenye swichi inayotoa joto, hufika 35 bila shida. Betri ambayo ingekaa miaka minne itachoka kwa miwili. Weka UPS chini kabisa kwenye kabati, swichi juu yake, na uache hewa ipite. Kama kuna chumba chenye kiyoyozi, kipe kabati, hata kama kebo zitakuwa ndefu kidogo.

Angalia nyuma ya UPS. Nyingi zina makundi mawili ya matundu: yanayolindwa na betri, na yanayozuia tu mruko wa umeme. Yanafanana. Swichi ikiingia kwenye kundi la pili itazima umeme unapokatika huku UPS ikilia ikiwa na betri nzima.

Adapta za ruta na kisanduku zina plagi za pini tatu, na UPS nyingi za kabati zina matundu ya pawakebo ya kompyuta tu. Nunua mapema kebo ya kugeuza yenye soketi, au kitengo cha soketi cha kabati. Acha UPS ichaji usiku kucha kabla ya kuitegemea.

Hatua ya 7: Panga kuzima kwa utaratibu

Swichi haihitaji kuzimwa kwa utaratibu. Haina diski, ukiikatia umeme inawaka tena kama ilivyokuwa. Inachopoteza ni mabadiliko ambayo hukuyahifadhi. Basi hifadhi sasa hivi:

```
copy running-config startup-config
```

Simu nazo hazina cha kupoteza. Kinachoumia ni seva ya simu: rekodi za simu, ujumbe wa sauti na hifadhidata vinaandikwa kwenye diski wakati wote, na kukatika ghafla kunaweza kuviharibu. Basi mpango mzima unazunguka seva.

Nikichukulia seva yako ni Linux, programu ya kutumia ni NUT. Unganisha kebo ya USB kutoka UPS hadi seva, sakinisha, kisha hariri faili nne ndani ya `/etc/nut`. Ya kwanza, `nut.conf`:

```
MODE=standalone
```

Ya pili, `ups.conf`:

```
[ofisi]
  driver = usbhid-ups
  port = auto
  ignorelb
  override.battery.charge.low = 20
  override.battery.runtime.low = 600
```

Mistari mitatu ya mwisho inasema: usingoje UPS yenyewe iseme betri imekwisha. Hesabu kwamba imekwisha zikibaki sekunde 600, au chaji ikishuka chini ya asilimia 20, lolote litakalotangulia. UPS nyingi hutoa taarifa yao zikibaki dakika mbili, na makadirio hayo huzidi kukosea betri inavyozeeka. Dakika kumi ni nafasi ya kosa hilo.

Ya tatu, `upsd.users`:

```
[mlinzi]
  password = NENOSIRI
  upsmon primary
```

Ya nne, `upsmon.conf`:

```
MONITOR ofisi@localhost 1 mlinzi NENOSIRI primary
SHUTDOWNCMD "/sbin/shutdown -h +0"
POWERDOWNFLAG /etc/killpower
```

Kama toleo lako ni la kabla ya 2.8, andika `master` badala ya `primary`. Washa seva upya, kisha uliza UPS hali yake:

```
upsc ofisi@localhost
```

Tafuta `ups.status`. `OL` ni umeme wa ukutani, `OB` ni betri. Tazama pia `ups.load` na `battery.runtime`.

Mstari wa `POWERDOWNFLAG` unahitaji maelezo, kwa sababu watu huufuta wakidhani ni wa hatari. Unafanya hivi: seva ikimaliza kuzima, inaiagiza UPS ikate matundu yake baada ya sekunde chache. Bila hilo, fikiria umeme unarudi dakika tatu baada ya seva kuzima. UPS haikuzima, kwa hiyo seva haijawahi kuona umeme ukikatika na kurudi, na itakaa imezima mpaka mtu aje kubonyeza kitufe. UPS ikikata matundu na kuyarudisha umeme unaporudi, seva inaona umeme mpya na inawaka yenyewe. Sharti ni kwamba kwenye BIOS ya seva mpangilio unaoitwa `Restore on AC Power Loss`, au jina la karibu na hilo, uwe `Power On`.

Ndiyo, swichi na simu zitazima pamoja na seva. Seva ya simu ikishazima, simu za mezani hazina wa kuongea naye, na kuendelea kuzilisha ni kuimaliza betri bure na kuifupishia maisha.

Ofisi inayokatikiwa umeme mara mbili tatu kwa siku iongeze jambo moja. Baadhi ya UPS zina mpangilio wa chaji ya chini inayotakiwa kabla ya kuwasha matundu tena. Kwenye `upsc` huonekana kama `battery.charge.restart`. Ukiweka 20 hivi, seva haitawaka juu ya betri tupu na kukatwa tena ikiwa katikati ya kuwaka.

Hatua ya 8: Jaribu kwa kukata umeme kweli

Usitumie kitufe cha kujipima cha UPS ukaridhika. Baada ya kazi, waambie waliobaki, kisha zima umeme wa UPS kwenye soketi ya ukutani. Angalia mambo haya kwa mpangilio: simu hazikupepesa, unaweza kupiga nje ya ofisi, `upsc` inaonyesha `OB`, na wati zinakaribiana na ulizopima. Acha iendelee, andika dakika.

Seva ikianza kuzima, hesabu inachukua muda gani mpaka izime kabisa. Ikizidi dakika tano, ongeza zile sekunde 600. Matundu yakikatwa, rudisha umeme na utazame bila kugusa kitu: seva iwake, simu zijisajili.

Kama hutaki kungoja saa nzima ili kuona sehemu ya kuzima peke yake, amri hii inaianzisha papo hapo, na itakata umeme wa kila kitu kilicho kwenye UPS:

```
sudo upsmon -c fsd
```

Rudia jaribio la kukata umeme kila miezi sita na uandike dakika kwenye karatasi ndani ya mlango wa kabati. Zikishuka chini ya 70, agiza betri.

Mambo yakienda vibaya

*Swichi inawaka upya kila UPS inapohamia kwenye betri.* Kwanza hakikisha iko kwenye tundu linalolindwa na betri. Kama iko, weka taa ndogo kwenye tundu hilohilo na ukate umeme. Taa ikipepesa tu ikaendelea, tatizo ni mawimbi ya ngazi au kuchelewa kuhama, na swichi yako haivumilii.

*Chaji ni asilimia 100 lakini inazima baada ya dakika tano.* Betri imekufa. Asilimia nyingi hukadiriwa kutokana na volti, na betri iliyochoka bado hufikisha volti zake ikiwa haina mzigo. Badilisha betri zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Ukikuta imevimba, usiitoboe wala kuilazimisha itoke. Zima UPS, ichomoe, na ufungue pande za kasha lake.

*Simu chache zinakosa umeme, nyingine ziko sawa.* Hii si kazi ya UPS. Swichi imefika kikomo cha bajeti yake ya PoE na inanyima porti zilizobaki. Linganisha jumla ya nguvu iliyotengwa na kikomo hicho, au punguza kiasi kinachotengwa kwa kila porti ya simu.

*UPS inalia kuzidiwa umeme unaporudi.* Mzigo wa kilele umezidi wati zake. Angalia kama kuna mtu ameongeza kifaa, hasa kamera za PoE zenye taa za usiku. Kamera inayokula wati 5 mchana hula zaidi usiku taa zake zikiwaka, kwa hiyo ipime gizani.

*Jenereta imewaka lakini UPS haitoki kwenye betri.* Jenereta ndogo huyumba volti na mizunguko, na UPS inaukataa umeme huo. Tafuta mpangilio wa usikivu kwenye UPS uushushe. Ikigoma bado, jenereta inahitaji fundi. UPS inafanya kazi yake.

*`upsc` inasema `Driver not connected`.* Chomoa na uchomeke tena kebo ya USB. Isipofaa, jaribu kebo nyingine, kwa sababu baadhi ya kebo zina waya za kuchajia tu. Kama seva ya simu ni mashine pepe ndani ya kompyuta nyingine, hakikisha USB ya UPS imepitishwa hadi ndani yake, au bora zaidi sakinisha NUT kwenye kompyuta mama na mashine pepe iisikilize kupitia mtandao ikiwa `secondary`.

*Umeme umerudi, seva imewaka, simu hazijisajili.* Mara nyingi simu ziliwaka kabla ya ruta kuanza kugawa anwani. Zipe dakika tano. Zikibaki vilevile, zima na uwashe PoE ya porti moja ujaribu. Ikijisajili, tatizo ni mfuatano wa kuwaka, na dawa ni kuhamishia ugawaji wa anwani kwenye kifaa kinachowaka haraka zaidi, mara nyingi swichi yenyewe.